Neuroni Kama Mtungi Uvujao: Jaribio la Kompyuta

Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, Edgar Adrian na mwenzake Yngve Zotterman, Mswidi, walichukua msuli mdogo wa chura, wakaukata kidogo kidogo mpaka kikabaki kipokezi kimoja tu cha mvuto, kisha wakautundikia uzito na kupima umeme uliopita katika uzi wa neva utokao kwenye kipokezi hicho. Walichokiona kilikuwa wazi. Misukumo ya umeme iliyopita katika uzi ule ilikuwa na kimo kilekile, uzito ukiwa mdogo au mkubwa. Kilichobadilika ni wingi wake tu: uzito ulipoongezwa, misukumo ilifuatana kwa haraka zaidi. Kwa maneno mengine, seli ya neva haipazi sauti wala haiishushi. Husema neno moja tu, na hulisema mara chache au mara nyingi. Kwa kazi hiyo na nyinginezo Adrian alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, pamoja na Charles Sherrington.

Basi kama idadi ya misukumo kwa sekunde ndiyo habari yenyewe, ni haki kuuliza idadi hiyo huamuliwa na nini ndani ya seli. Je, mtafiti akiona neuroni iliyokuwa ikitoa misukumo 33 kwa sekunde sasa inatoa zaidi, anaweza kusema ni sehemu gani ya seli iliyobadilika? Swali hili linaweza kuchunguzwa darasani kwa kompyuta ya kawaida na programu fupi ya lugha ya Python, bila kumgusa chura yeyote.

Mtungi na tundu lake

Neuroni imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta. Utando huo haupitishi umeme, lakini pande zake mbili zina majimaji yenye chumvi ambayo hupitisha umeme vizuri. Mwanafunzi wa fizikia atatambua mara moja kwamba hiyo ni kapasita: vipitishi viwili vilivyotengwa na kihami. Hata hivyo utando una vijitundu, yaani njia za ioni, ambavyo chaji huvuja kupitia humo. Kwa hiyo kando ya kapasita hapana budi kuchora kikinzani. Mfaransa Louis Lapicque ndiye aliyeieleza neva kwa namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1907, wakati ambapo hakuna aliyejua msukumo wa neva hutokeaje.

Mfano wa mtungi husaidia. Chukua mtungi wenye tundu dogo chini, uuweke chini ya bomba lililofunguliwa. Maji yaingiayo ni mkondo wa umeme uingiao katika seli. Kimo cha maji ni volteji ya utando. Upana wa mtungi ni kapasitansi: mtungi mpana huhitaji maji mengi ili kimo kipande kidogo tu. Ukubwa wa tundu ndio mvujo, na tundu likiwa dogo ukinzani ni mkubwa. Maji yanapopanda, msukumo wake kwenye tundu huongezeka na mvujo huzidi. (Katika mtungi wa kweli mvujo hauzidi kwa uwiano ulionyooka na kimo, lakini katika kikinzani huzidi hivyo hasa, mfano usikazwe kupita kiasi.)

Ndani ya mtungi, juu kidogo, umechorwa mstari. Mstari huo ndio kizingiti. Maji yakiufikia, mtungi hupinduliwa mara moja ukamwagika wote, kisha hurudishwa chini ya bomba. Kila kupinduliwa kumoja ni msukumo mmoja. Katika neuroni halisi kazi hiyo hufanywa na njia za ioni za sodiamu na za potasiamu zinazofunguka na kufungika kwa mfululizo, kama walivyoonyesha Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952 kwa neva kubwa ya ngisi. Katika mfano huu hayo yote yameachwa. Programu inaambiwa tu: volteji ikifika kizingiti, hesabu msukumo mmoja na uirudishe chini. Ni udanganyifu uliofanywa kwa makusudi, na faida yake ni kwamba mambo machache yaliyobaki yanaweza kufuatiliwa kwa penseli.

Tarakimu zitakazotumika ni za kadiri ipatikanayo katika neuroni nyingi za ubongo wa wanyama wanyonyeshao. Volteji ya utulivu ni milivolti -65. Kizingiti ni milivolti -50. Baada ya msukumo volteji hurudi -65. Ukinzani, R, ni megaomu 100, na kapasitansi, C, ni nanofaradi 0.2. Msomaji aziangalie vizuri hizo vipimo, kwa maana zimechaguliwa ili hesabu isihitaji sufuri nyingi: megaomu mara nanoampia hutoa milivolti, na megaomu mara nanofaradi hutoa milisekunde. Mwanafunzi anayechanganya omu na nanoampia katika mstari mmoja atapata neuroni iliyokufa au iliyopagawa, na atapoteza saa nzima akitafuta kosa mahali pasipo kosa.

Zao la R na C, yaani 100 × 0.2 = milisekunde 20, huitwa muda-tabia wa utando, na katika programu hupewa jina `tau`. Mlinganyo wa volteji ni huu:

```
tau * dV/dt = (-65 - V) + R*I
```

Sehemu ya kwanza upande wa kulia ni mvujo, unaoirudisha volteji kwenye -65. Sehemu ya pili ni mkondo, unaoipandisha. Kompyuta haijui mabadiliko yasiyo na mapengo. Hujua hatua tu. Kwa hiyo wakati hukatwa vipande vifupi, hapa vya milisekunde 0.1, na katika kila kipande volteji huongezewa kiasi kinachostahili. Programu yenyewe ni hii:

```python
def misukumo(I, R=100.0, C=0.2, pumziko=2.0, dt=0.1):
    tau = R * C
    V = -65.0
    ngoja = 0
    idadi = 0
    for n in range(round(1000 / dt)):
        if ngoja > 0:
            ngoja -= 1
            continue
        V += dt / tau * (-65.0 - V + R * I)
        if V >= -50.0:
            idadi += 1
            V = -65.0
            ngoja = round(pumziko / dt)
    return idadi
```

Neno `pumziko` ni muda wa milisekunde 2 baada ya kila msukumo ambapo seli haiwezi kutoa mwingine. Jambo hilo ni la kweli katika neva zote. Muda huo umehesabiwa kwa hatua kamili, si kwa kupunguza 0.1 kila mara mpaka sufuri, kwa sababu kompyuta huhifadhi 0.1 kwa namba za msingi wa mbili na haiwezi kuihifadhi kamili. Kupunguza mara ishirini kunaweza kuacha mabaki madogo mno ambayo hata hivyo si sufuri, na programu ikangoja hatua moja zaidi bila sababu.

Hatua za kwanza kwa mkono

Kabla ya kuiamini programu, ni vizuri kuifuata kwa mkono katika hatua chache. Mkondo uwe nanoampia 0.2. Basi `R*I` ni milivolti 20, na `dt/tau` ni 0.1 kugawanya kwa 20, yaani 0.005. Mwanzoni volteji ni -65, hakuna mvujo, na nyongeza ni 0.005 × 20 = 0.1. Volteji mpya ni -64.9. Katika hatua ya pili mvujo umeanza: nyongeza ni 0.005 × 19.9 = 0.0995. Katika ya tatu ni 0.0990. Volteji ifikapo -55 nyongeza ni 0.05 tu, na karibu na kizingiti imebaki kama 0.025, robo ya ile ya mwanzo. Mtungi hujaa haraka ukiwa mtupu na polepole unapokaribia mstari.

Kizingiti hufikiwa katika hatua ya 277, yaani baada ya milisekunde 27.7. Ukiongeza milisekunde 2 za pumziko, mzunguko mmoja huchukua 29.7. Katika sekunde moja hupatikana misukumo 33, na ndiyo idadi ambayo programu huitoa. Fomula ya logarithimu iliyotatuliwa kutokana na mlinganyo ule inakubaliana nayo:

```
T = pumziko + tau * ln(R*I / (R*I - 15))
```

Hapa 15 ni umbali wa milivolti kutoka -65 hadi -50. Logarithimu ya asili ya 20/5 ni 1.386, mara 20 ni 27.7. Katika fomula hii pia linaonekana jambo ambalo mwanafunzi angeliweza kulipuuza: kama `R*I` haizidi 15, hakuna jibu kabisa. Mkondo ulio chini ya nanoampia 0.15 hautazaa msukumo hata ukiachwa mwaka mzima, kwa kuwa maji yote yaingiayo yatakuwa yanatoka tunduni kabla ya kufika mstarini.

Sasa programu iendeshwe kwa mikondo kadhaa:

```python
for I in [0.1, 0.2, 0.3, 0.4, 0.6, 1.0]:
    print(I, misukumo(I))
```

Matokeo yake ni haya:

```
0.1 0
0.2 33
0.3 63
0.4 87
0.6 128
1.0 189
```

Zikichorwa kwenye karatasi ya grafu, mkondo ukiwa chini na misukumo ikiwa kando, nukta hizi hufanya mstari uliolala kwenye sufuri hadi 0.15, kisha unaopanda kwa mteremko mkali, kisha unaoanza kuinama. Mchoro huo ndio wasifu wa neuroni. Kila kiungo cha seli kina mahali pake katika mchoro ambapo hujitokeza zaidi kuliko vingine, na hilo ndilo linalostahili kufuatiliwa kwa makini.

Kuziba tundu, kupunguza upana

Tuseme ukinzani umeongezwa maradufu, kutoka megaomu 100 hadi 200. Katika seli hai hali hiyo hutokea baadhi ya njia za ioni zinapofungwa: matundu yamepungua, mvujo umepungua. Programu iitwe kwa `misukumo(0.2, R=200.0)`. Badala ya 33 hupatikana 48. Kwa mkondo wa 0.1, ambao mwanzoni haukutoa kitu, sasa hupatikana 17. Neuroni iliyokuwa kimya imeanza kusema. Lakini kwa mkondo wa 1.0 jibu ni 192, ambapo mwanzoni lilikuwa 189. Ukinzani umeongezwa mara mbili na neuroni karibu haikutambua.

Sababu yake huonekana mvujo ukihesabiwa kwa nanoampia. Volteji inapokuwa karibu kufika kizingiti, imepanda milivolti 15 juu ya utulivu, na mvujo kupitia megaomu 100 ni 15/100, yaani nanoampia 0.15. Kama kinachoingia ni 0.2, robo tatu yake inavuja, na inabaki 0.05 tu ya kujaza mtungi. Katika hali hiyo kuziba nusu ya mvujo ni jambo kubwa: kinachobaki huongezeka kutoka 0.05 hadi 0.125. Lakini kama kinachoingia ni 1.0, mvujo uleule wa 0.15 ni sehemu ndogo. Kuziba nusu yake huongeza kinachobaki kutoka 0.85 hadi 0.925 tu. Bomba likifunguliwa kwa nguvu, tundu dogo si kitu.

Sasa ukinzani urudishwe 100, na badala yake kapasitansi ipunguzwe nusu, kutoka 0.2 hadi 0.1, kama ambavyo ingekuwa kwa seli yenye utando mdogo zaidi lakini wenye mvujo uleule kwa jumla. Kwa mkondo wa 0.2 hupatikana misukumo 63. Kwa mkondo wa 1.0 hupatikana 270. Lakini kwa 0.14 hupatikana sufuri, kama mwanzo. Upana wa mtungi hauwezi kubadilisha swali la kama maji yatafika mstarini. Hubadilisha muda tu wa kufika. Mtungi mwembamba wenye tundu kubwa mno nao hautajaa kamwe.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Mtafiti aliyepima kwa mkondo mmoja tu wa 0.2, akaona misukumo imeongezeka, hana haki ya kusema kilichobadilika ni nini. Kuziba mvujo kuliongeza. Kupunguza kapasitansi kuliongeza. Na kushusha kizingiti kungeongeza vilevile. Idadi moja haimtambulishi mhusika. Lakini akipima mikondo mitatu, mmoja dhaifu karibu na mwanzo wa misukumo, mmoja wa kati na mmoja wenye nguvu, wahusika huanza kutengana. Mvujo huhamisha mahali ambapo mstari unaanza kupanda na kuacha sehemu ya juu karibu ilivyokuwa. Kapasitansi huacha mahali pa kuanzia palepale na kubadilisha ukali wa mteremko. Kizingiti huhamisha mwanzo na pia hugusa mteremko, kwa sababu mstari ukichorwa chini zaidi, maji ya kuufikia ni machache kwa kila mkondo.

Pumziko nalo lina mahali pake, nalo ni juu. Likiongezwa kutoka milisekunde 2 hadi 4, misukumo ya mkondo wa 0.2 hupungua kutoka 33 hadi 31 tu, lakini ile ya 1.0 huanguka kutoka 189 hadi 137. Jambo hili halihitaji fomula. Katika mzunguko wa milisekunde 30, mbili za ziada ni kidogo. Katika mzunguko wa milisekunde 5, ni nyingi. Pumziko likifutwa kabisa, mkondo wa 1.0 hutoa 303. Kwa hiyo kuinama kwa mstari upande wa juu ni kazi ya pumziko, na pumziko la milisekunde 2 huweka dari ya misukumo 500 kwa sekunde ambayo hakuna mkondo utakaoivuka.

Mtego wa tau

Programu nyingi za mfano huu huandika `tau = 20.0` kama namba huru, kando ya R, na hazimtaji C popote. Ni njia fupi, nayo ina mtego. Mwanafunzi anayebadilisha R kuwa 200 katika programu ya namna hiyo na kuiacha `tau` ikiwa 20, bila kujua amepunguza kapasitansi nusu, kwa kuwa C ni `tau` kugawanya kwa R. Amebadilisha vitu viwili akidhani amebadilisha kimoja. Kwa mkondo wa 1.0 atapata 278 badala ya 192, na ataandika katika daftari lake kwamba ukinzani hubadilisha sana misukumo ya mikondo yenye nguvu. Hitimisho hilo ni kinyume cha ukweli, ingawa programu haikufanya kosa lolote la hesabu. Ndiyo maana katika programu iliyotolewa hapo juu `tau` haipewi thamani kwa mkono. Huzaliwa na R na C kila mara.

Kompyuta inaposema uongo

Kosa la namna nyingine hutokana na urefu wa hatua, `dt`. Mwanafunzi mwenye haraka huona hatua 10,000 kwa kila sekunde ni nyingi mno, akaweka `dt=1.0`. Anajaribu mkondo wa 0.2 na kupata 33, jibu lilelile. Anaridhika. Kisha anaendelea na mikondo yenye nguvu, na kwa 1.0 anapata 167. Kwa hatua ya 0.1 jibu lilikuwa 189, na kwa hatua ya 0.01 ni 190, ambalo ndilo linalokubaliana na fomula.

Amekosea wapi, na hali alihakiki? Alihakiki mahali pamoja tu. Msukumo katika programu hauwezi kutokea katikati ya hatua. Hungoja hatua iishe. Kwa mkondo wa 1.0 volteji hufika kizingiti baada ya milisekunde 3.25, lakini saa yenye hatua za milisekunde moja huandika 4. Katika mzunguko wa milisekunde 5.25 ucheleweshaji huo ni mkubwa. Katika mzunguko wa karibu milisekunde 30 hauonekani. Basi ni lazima uhakiki ufanywe mahali misukumo inapofuatana kwa haraka zaidi, kwa maana ndipo kosa linapojitokeza kwanza.

Hatua zikirefushwa zaidi, mambo huharibika kabisa. Kwa `dt=5.0` mkondo wa 0.2 hutoa 40. Sehemu ya kosa hilo imejificha katika mstari wa `ngoja`: 2 kugawanya kwa 5 ni 0.4, ambayo `round` huifanya sufuri, na pumziko likatoweka kimyakimya. Kwa `dt=40.0` hutokea ajabu kubwa zaidi. Mkondo wa 0.1, ambao kwa haki haupaswi kutoa msukumo hata mmoja, hutoa 25. Hesabu yake ni rahisi kufuatilia: hatua ni mara mbili ya `tau`, kwa hiyo nyongeza ya kwanza ni 2 × 10 = milivolti 20, na volteji inaruka kutoka -65 hadi -45 bila kupita katikati. Volteji ya kweli ingepanda polepole na kutulia -55. Hatua imekuwa ndefu kiasi kwamba ilianza kabla mvujo haujajulikana na kuishia ng'ambo ya kizingiti.

Njia ya kuukamata uongo wa namna hii haihitaji fomula yoyote. Punguza `dt` nusu na uendeshe tena. Kama idadi imebadilika kwa zaidi ya msukumo mmoja au miwili, ile ya kwanza haikuwa ya neuroni bali ya hatua. Kwa programu hii yenye tarakimu zake za mwanzo, `dt` ya 0.1 yatosha kwa mikondo yote iliyotumika, lakini mwalimu atakayetaka kufika mikondo ya nanoampia 3 au 4 atafanya vema kushuka hadi 0.01.

Asichokijua mtungi

Kuna jambo moja katika jaribio la chura ambalo programu hii haiwezi kulitoa, nalo halirekebishwi kwa kufupisha hatua. Adrian na Zotterman waliona kwamba uzito ulipoachwa umetundikwa bila kubadilishwa, misukumo ilianza kwa haraka, kisha ikapungua kadiri muda ulivyopita, ingawa msuli ulikuwa bado umevutwa. Neuroni nyingi za ubongo hufanya hivyo hivyo hata zinapopewa mkondo usiobadilika. Neuroni ya programu hufuata saa: muda kati ya msukumo wa kwanza na wa pili ni sawasawa na ule kati ya wa thelathini na wa thelathini na moja. Haina kumbukumbu, kwa sababu kila msukumo hufuta yote yaliyotangulia na kuirudisha volteji -65, pasipo kujali imekwisha kurudishwa mara ngapi.

Katika seli hai kila msukumo huacha masalia. Kalisi kidogo huingia, nayo hufungua njia za potasiamu ambazo huvujisha chaji zaidi kwa muda fulani. Kwa lugha ya mtungi, kila kupinduliwa hupanua tundu kidogo, nalo hujiziba polepole. Mwanafunzi anaweza kuliongeza hilo katika programu kwa kigeu kimoja kipya kinachopanda kwa kila msukumo na kushuka kidogo katika kila hatua, kikipunguzwa kutoka katika mkondo `I`. Hapo hataweza tena kuhesabu misukumo ya sekunde nzima kwa mkupuo mmoja. Itambidi aandike wakati wa kila msukumo, na apime pengo la kwanza na la mwisho kila moja peke yake.